Tangazo la wodini linalozua ugomvi getini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi wodi ya upasuaji, hospitali moja huku Temeke. Tangazo letu linasema: "NI MARUFUKU KULETA CHAKULA BILA KIBALI. WATOTO HAWARUHUSIWI. MWISHO WATU 2. ATAKAYEKAIDI ATACHUKULIWA HATUA." Ndugu wanagombana na walinzi kila jioni. Nimeongeza "tafadhali" mwanzoni na "kwa usalama wa mgonjwa" mwishoni, hali ni ile ile. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Hiyo "kwa usalama wa mgonjwa" ndiyo inayonichosha kuliko yote. Nakutana nayo karibu kila geti la hospitali hapa mjini, na watu wanaamini wameshatoa sababu. Hawajatoa. Mama aliyepanda daladala kutoka Mbagala na hotpoti ya mtori mapajani anajua vizuri kwamba mtori wa nyumbani ni salama. Ukimwambia umekatazwa kwa usalama, umemwambia chakula chake ni kichafu. Lazima agombe.

Tuchukue hilo la chakula, maana kwenye wodi yako ndilo zito. Sababu yenyewe unaijua: mgonjwa akipewa dawa ya usingizi, kikohozi kinachomlinda hulala pamoja naye. Tumboni kukiwa na chakula, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kwa kawaida ndiyo maana mtu mzima huzuiwa chakula na maziwa kwa angalau saa 6 kabla ya upasuaji, na maji matupu kwa saa 2. Akilishwa, upasuaji unaahirishwa. Yote haya ndugu hayajui, kwa kuwa tangazo halikumwambia. Anachokiona ni mwanawe amelala na njaa, basi anampa vijiko viwili vya uji kwa siri, na mgonjwa mwenyewe akiulizwa anakana.

Ningeandika hivi:

"Karibu. Chakula cha nyumbani kinapokelewa. Kabla hujampa mgonjwa, hata kama ni uji au maji, tunaomba umuulize kwanza muuguzi wa zamu. Anayesubiri upasuaji hatakiwi kula, kwa sababu akiwa kwenye usingizi wa dawa chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni. Muuguzi atakuambia ni saa ngapi ataweza kula."

Angalia kilichobadilika. Tumeanza na kinachoruhusiwa. "Kibali" kimeondoka, kwa sababu hakuna aliyejua kinatolewa na nani, na mahali pake pamekaa mtu wa kuulizwa. Uji na maji vimetajwa kwa majina, maana kwa wengi wetu uji si kula. Saa 6 sikuziweka makusudi: ndugu hajui mgonjwa ataingia chumba cha upasuaji saa ngapi, akianza kupiga hesabu mwenyewe atakosea.

Kwa watoto, sema kwamba mtoto anaweza kuambukiza tetekuwanga siku moja au mbili kabla vipele havijatoka, na wodini kuna wagonjwa ambao miili yao haina nguvu ya kupambana nayo. Halafu acha mlango wazi: "Mgonjwa akihitaji sana kumwona mwanawe, zungumza na muuguzi mfawidhi." Kwa watu 2, vitanda vimekaribiana na toroli la dawa linahitaji kupita, wengine wakae kwenye mabenchi wapokezane. Basi. Na hilo la "atachukuliwa hatua" lifute. Hatua gani? Mlinzi hana hatua yoyote zaidi ya kupaza sauti, na ndiyo hiyo anayoichukua kila jioni.

Mkilibandika, mwulize ndugu mmoja aliye foleni: "Ukiwa na uji sasa hivi, utafanyaje?" Akijibu "nitamuuliza nesi", limefanya kazi. Akijibu "nitaurudisha nyumbani", bado linatisha.

Sasa niwageukie wale wanaochukua tangazo la hospitali nyingine, wanapeleka steshenari, wanabadilisha nembo, wanachapa kwa herufi nyekundu. Wodi ya wazazi inajikuta na masharti ya wodi ya kifua kikuu, na hakuna muuguzi anayeweza kuyaeleza. Wengine, wakiambiwa waweke sababu, wanatunga. Nimewahi kuona chupa za chai zimepigwa marufuku "kwa afya ya mgonjwa", kumbe kabati la kando ya kitanda ni dogo, chupa zinaanguka na kupasuka. Si mngeandika hivyo hivyo? Mtu mzima anaelewa kabati dogo. Lakini akishagundua kwamba sababu ya chupa ilikuwa ya uongo, ile ya mapafu nayo ataisoma kama uongo mwingine. Kwa hiyo kila sharti lipelekeni kwanza kwa wauguzi wa wodi husika mwaulize linazuia nini, na lile ambalo hakuna anayeweza kulijibia lisichapwe.