Wadogo zangu wa Kijerumani, kabla hamjaandika tena "den Patienten"

Wadogo zangu mnaojiandaa kwa B2 na nyie mlioanza juzi wodini, leo mtanivumilia. Nimepitia madaftari yenu na kosa ni lile lile la kundi lililowatangulia. Jedwali la dativu mnalijua: mir, dir, ihm, ihr, mnalikariri bila kukwama. Kinachowaangusha ni kujua kitenzi gani kinaidai, kwa sababu Kiswahili hakijawahi kuwauliza. Namwona, namsaidia, namjibu, kote ni "m" ile ile. Kijerumani kinawagawa: "ich sehe ihn", lakini "ich helfe ihm", "ich antworte ihm".

1. Helfen. Hapa nitakaa, maana nimeona kosa hili likimfikia mgonjwa.

Mwenzenu mmoja alikuwa zamu ya asubuhi kwenye chumba cha wagonjwa wawili. Akamsaidia mmoja kuoga, yule wa dirishani. Wa pili alikuwa amelala, wakakubaliana ataoga mchana. Kwenye maelezo ya chumba akaandika: "Ich habe den Patienten beim Duschen geholfen." Hakuna aliyemsahihisha, kwa sababu sentensi hiyo ni Kijerumani safi. Ila inasema jambo jingine. Nomino "Patient" hubeba -en kila mahali isipokuwa nominativu ya umoja, kwa hiyo "den Patienten" ni ama akuzativu ya mtu mmoja, ama dativu ya wengi. Helfen haipokei akuzativu. Mjerumani akisoma, anabakiwa na maana moja tu: wameoga wote wawili. Zamu ya mchana ikasoma hivyo hivyo na kumpita mzee wa kitanda cha pili. Hadi jioni, mzee mwenyewe alipouliza zamu yake ya kuoga ni lini.

Alichotaka ni "dem Patienten". Herufi moja. Na angekuwa ameandika kuhusu mkazi wa nyumba ya wazee, "den Bewohner geholfen", kosa lingeonekana papo hapo, kwa sababu dativu ya wingi hapo ni "den Bewohnern", na ile n ya mwisho haipo. Kwa "Patient" kosa linajificha. Ndiyo maana nawasumbua.

Anayesitasita atumie "unterstützen". Kwenye ripoti maana yake ni karibu ile ile, nayo inachukua akuzativu: "Ich habe den Patienten beim Duschen unterstützt." Hapo mgonjwa ni mmoja, na sentensi imenyooka. Lakini msivichanganye vitenzi hivi mkifika kwenye hali ya kutendwa. Akuzativu hugeuka kuwa kiima: "Der Patient wurde unterstützt." Dativu haigeuki, hubaki dativu: "Dem Patienten wurde geholfen." Wakiwa wengi, ni "Den Patienten wurde geholfen", na kitenzi kinabaki "wurde", si "wurden", kwa sababu sentensi hiyo haina kiima cha kukifanya kiwe wingi. "Ich wurde geholfen" nisiione tena, tafadhali. Ni "Mir wurde geholfen".

2. Jifunzeni vitenzi kwa jozi: "fragen" na akuzativu, "antworten" na dativu, yaani "Ich frage ihn, er antwortet mir."

3. Folgen na begegnen zinataka dativu, na kwenye perfekti zinakwenda na sein: "Ich bin ihm gefolgt."

4. Gefallen. Kuna aliyeniandikia "Ich gefalle das Zimmer", na nilijua alikopotelea: alianza na yeye mwenyewe. Aanze na chumba. Tunasema chumba kinanipendeza. Chumba ndicho kiima, mimi nimebanwa katikati ya kitenzi. Basi "Das Zimmer gefällt mir." Vyumba vikiwa vingi, "Die Zimmer gefallen mir." Kitenzi kinafuata kile kinachopendeza, hakimtazami anayependezwa. Chakula ni vivyo hivyo: "Schmeckt Ihnen die Suppe?", na viazi vikiwa sahanini, "Schmecken Ihnen die Kartoffeln?"

Mnapokosea zaidi ni pale mtu anapotangulia. Wagonjwa huanza na wao wenyewe: "Mir tut der Rücken weh." Mnasikia "mir tut" siku nzima, kisha mnaandika "Mir tut die Beine weh". Mgongo ni mmoja, miguu ni miwili: "Mir tun die Beine weh." Na daktari akimuuliza mgonjwa "Was fehlt Ihnen?", haulizi kilichopotea, anauliza anaumwa nini. Asiyeumwa hujibu "Mir fehlt nichts."

Kesho leteni sentensi zenu za helfen, zote zikiwa na mgonjwa mmoja, kisha wawili.