Mashine imelala halafu unamkazia bei mwenzako

Nilikuwa nasimamia kitengo cha maboksi kwenye kampuni ambayo ilikuwa na kitengo kingine cha sabuni. Mashine zetu ziliweza kutoa maboksi 10,000 kwa mwezi ila wateja wa nje walikuwa wanachukua 7,000 tu, kwa bei ya 100 kila moja. Jamaa wa sabuni wakaja wanataka 3,000, nikawaambia 85, sishuki. Wakaenda kununua nje kwa 80, na mimi nikajiona mjanja kweli yani.

Hiyo 85 niliitoa wapi? Karatasi, gundi, wino na umeme wa mashine vilikula 55 kwa boksi, kamisheni ya dalali 5, halafu mhasibu alikuwa anabandika 25 ya kodi ya jengo, mishahara ya kudumu na uchakavu wa mashine. Sasa hiyo 25 ilikuwa inalipwa tu hata mashine zikilala, na kwa mwenzetu wa ndani dalali hayupo. Kwa hiyo boksi moja la ziada lilikuwa linaigharimu kampuni 55, sisi tukaacha pesa itoke 80. Zidisha 25 mara 3,000, ni 75,000 zimeenda kwa mtu baki kila mwezi, na hakuna ripoti yoyote iliyoonyesha hasara maana kila kitengo kilikuwa na vitabu vyake.

Ukiwa na nafasi ya ziada basi, bei yako ya chini kabisa ni zile gharama zinazoongezeka kwa sababu ya hiyo oda, na juu ni bei anayoweza kupata mnunuzi nje. Hapa ni kati ya 55 na 80. Wengine watakwambia uza 55 tu si ni ndugu, mi sikubaliani, maana meneja hapati kitu na bonasi yake inapimwa kwa faida, ataanza kuchelewesha oda yenu kila siku wateja wa nje wakija. Sisi baadaye tulifunga 65, sisi 10 wao 15, kila mtu akatulia.

Ila hakikisha hiyo nafasi ipo kweli. Walivyopandisha oda kuwa 4,000 nilitaka kukubali fasta kwa 65 ileile, bahati nzuri nikapiga hesabu kwanza. Yale 1,000 ya mwisho ningewanyima wateja wa nje, ambao kila boksi lao linaniachia 40 baada ya kutoa 60 zangu, kwa hiyo kwa hayo bei ya chini ni 55 jumlisha 40, yani 95. Nje wanapata kwa 80! Nikawaambia chukueni 3,000 kwetu, hayo 1,000 nendeni mkanunue nje, na safari hii bosi mwenyewe ndo alisaini.