Kueleza mradi wa chuo mbele ya jopo la usaili: mfano wa tangi la maji

Katika usaili wangu wa kwanza niliombwa nieleze mradi wa mwaka wa mwisho, nami nikaanza kutaja vifaa kimoja baada ya kingine: bodi ya Arduino Uno, kitambuzi cha HC-SR04, moduli ya simu ya SIM800L, betri ya volti 12 na paneli ndogo ya jua. Msaili mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa nini mlitumia ujumbe mfupi na si intaneti?" Nikajibu kwamba msimamizi wetu ndiye aliyeshauri hivyo. Jibu lilikuwa la kweli, lakini lilimwonyesha kwamba uamuzi mkubwa kuliko yote katika mradi ule haukupita kichwani mwangu. Leo nami hukaa upande wa pili wa meza, na ningependa ninyi mnaoanza kuomba kazi za elektroniki mjue jinsi mradi uleule ungeweza kuelezwa vizuri.

Tulikuwa wanafunzi wawili. Zahanati moja ya kijijini ilikuwa na tangi jeusi la plastiki lililoinuliwa juu ya mnara, na mlinzi alilazimika kupanda ngazi ili kujua kama maji yamebaki. Tulitengeneza kifaa cha kupima kina cha maji na kumtumia mlinzi ujumbe pindi maji yanapofika robo ya tangi. Anzeni na maneno kama hayo mawili matatu, kisha semeni wazi kazi ipi ilikuwa yenu. Mimi nilishughulikia umeme na moduli ya simu, mwenzangu akaandika sehemu ya vipimo. Neno "tulifanya" likitawala maelezo yote, msaili atabaki anajiuliza wewe ulifanya nini.

Swali la ujumbe mfupi lilikuwa na jibu zuri, na lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Mlinzi alikuwa na simu ya vitufe isiyo na intaneti, na tulichotaka kumfikishia ni habari moja tu kila baada ya siku chache. Gharama ya uamuzi huo ni kwamba hatukuwa na kumbukumbu ya matumizi ya maji siku kwa siku, hivyo zahanati isingeweza kugundua bomba linalovuja polepole. Nusu hiyo ya pili ndiyo ambayo vijana wengi huiacha. Anayetaja faida peke yake huonekana kama mtu aliyekutana na njia moja akaipita, ilhali anayesema alichokikosa huonyesha kwamba aliziona njia mbili.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kitambuzi. Maboya ya swichi ni imara na hayahitaji hesabu, ila kila boya huonyesha kimo kimoja tu, na mengi yangetulazimisha kutoboa ukuta wa tangi la watu. HC-SR04 hufungwa chini ya kifuniko, hupeleka mlio usiosikika na kuhesabu muda wa mwangwi kurudi. Lakini kasi ya sauti hubadilika na joto: ni kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20 za selsiasi, na kama 355 kwenye nyuzi 40, joto ambalo hewa iliyo chini ya kifuniko cheusi huweza kulifikia mchana. Programu yetu ilitumia 343 daima, kwa hiyo umbali wa mita moja ungesomeka kama sentimita 96 au 97, na tangi lingeonekana kuwa na maji zaidi kidogo kuliko yaliyomo. Tungeweza kuongeza kipimajoto. Hatukuongeza, kwa kuwa kosa la sentimita 3 au 4 halimbadilishii mlinzi uamuzi wa kuwasha pampu. Kosa unalolijua ukubwa wake, ukaliacha kwa sababu unayoweza kuitaja, si aibu kulisema. Kilichotusumbua zaidi kilikuwa mvuke unaogeuka matone kwenye uso wa kitambuzi, kwani HC-SR04 haikutengenezwa kwa ajili ya unyevu, na hapo ningekubali mbele ya jopo kwamba tulichagua kifaa kisichofaa kwa sababu ya bei.

Sasa nije kwenye hitilafu, ambayo ndiyo sehemu ninayoisikiliza kwa makini zaidi ninapomsaili mtu. Kwenye karakana ya chuo kifaa kilituma ujumbe kila mara. Kule kwenye mnara kilishindwa karibu kila mara. Tulidhani ni laini ya simu, tukanunua ya mtandao mwingine, hali ikawa ileile. Kisha nikakaa chini ya tangi nikiitazama taa ndogo ya SIM800L. Ikishaupata mtandao, taa hiyo huwaka mara moja kila sekunde 3 hivi. Ikiwa bado inautafuta, huwaka karibu kila sekunde. Kila tulipoagiza ujumbe utumwe, taa ilirudi kwenye mwendo wa haraka, huku bodi ya Arduino ikiendelea na kazi bila kuzimika. Maana yake moduli peke yake ndiyo iliyokuwa ikijizima na kuwaka upya.

Kipunguza volti kilishusha volti 12 za betri hadi 4.0 kwa ajili ya moduli, na multimita ilizionyesha bila kuyumba, jambo lililotupotosha kwa siku nzima. Moduli hii huhitaji kati ya volti 3.4 na 4.4, na inapotuma huvuta mkondo unaoweza kufika ampia 2 kwa vipindi vifupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde, ambavyo multimita ya kawaida haiwezi kuvionyesha. Tukalinganisha nguvu ya mawimbi kwa amri hii:

```
AT+CSQ
```

Karakanani ilijibu 22, kwenye mnara ikajibu 8. Mawimbi yakiwa hafifu, moduli hutuma kwa nguvu kubwa zaidi, na mkondo huongezeka. Nyaya zetu nyembamba za kuchomeka, pamoja na viungio vyake, zikiwa na ukinzani wa omu 0.3 tu, zingepoteza volti 0.6 kwenye ampia 2, na 4.0 ingeshuka hadi 3.4, ukingoni kabisa. Ili kutenga chanzo, niliilisha moduli moja kwa moja kutoka betri moja ya lithiamu kwa nyaya fupi nene, bila kugusa kitu kingine. Ujumbe ulitoka mara kumi kati ya kumi. Baada ya hapo tulirudi kwenye betri ya volti 12 na kipunguza volti chake, tukafupisha nyaya, tukazichomelea kwa risasi na kuweka kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na moduli.

Mbele ya jopo, tenganisha kilichothibitishwa na kilichokisiwa. Jaribio la betri lilithibitisha kwamba tatizo lilikuwa kwenye njia ya umeme. Omu 0.3 ilikuwa hesabu tu, kwani hatukuwa na osiloskopu pale mnarani ya kuonyesha volti zikishuka. Msaili anayeijua kazi atauliza hasa hapo, "Mlijuaje?", na ukiwa umeshasema mwenyewe mpaka wa ushahidi wako, mazungumzo huendelea kama ya mafundi wawili.

Swali la mwisho huwa ni nini ungefanya tofauti. Usijibu kwamba ungeongeza programu ya simu au akili zaidi kwenye kifaa. Jibu langu lingekuwa kwamba siku ya kwanza kabisa, kabla ya kununua kitu chochote kingine, ningepanda mnara ule nikiwa na moduli na betri tu, nikatuma ujumbe ishirini, na kuandika ni mingapi iliyofika.