Maelezo ya ajali na gari la ofisi

“Nimegongana na bajaji nikiwa na pikapu ya kampuni. Bosi anataka maelezo kwa maandishi. Niandikeje nisijitie hatiani?”

Pole sana, ndugu. Andika ulichokiona tu. Nani mkosaji waachie trafiki na bima. Bima nyingi zinakataza dereva kukiri kosa bila idhini yao, kwa hiyo “samahani, sikumwona” isiingie humo.

Iwe hivi: “Nilikuwa upande wa kushoto, mwendo kama kilomita 40 kwa saa. Mvua ilikuwa inanyesha, lami imelowa. Bajaji ilitoka njia ya vumbi iliyo kushoto kwangu, ikaingia barabarani. Nilishika breki. Kona ya mbele kushoto ya pikapu iligusana na ubavu wa kulia wa bajaji, karibu na tairi la nyuma. Taa yangu ya kushoto imevunjika na bampa limepasuka. Bodi ya bajaji imebonyea.”

Usiseme “alikuja kwa fujo” wala “nilichelewa kufunga breki”. Hizo ni hukumu. Lakini usidanganye: kama ulikuwa kwenye 60, andika 60, maana alama za breki na picha zitakuumbua. Kama magari yalisogezwa kabla trafiki hajapima, taja yalisogezwa na nani, na kwa nini.