Muuzaji amebadilisha akaunti ya benki: nilipe?

Swali: Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Tuliagiza nyaya na soketi za dola 46,000 kutoka kiwanda kimoja Zhejiang, China, tukalipa asilimia 30. Sasa wameandika kuwa akaunti yao ya zamani ipo kwenye ukaguzi wa kodi, hivyo salio tulipe kwenye akaunti ya Hong Kong. Anwani ya barua pepe ni ileile ya siku zote, ankara ina mhuri wao, na nilipowauliza kwa barua pepe wakathibitisha. Bosi anataka nilipe kabla kontena halijaondoka. Nilipe?

Jibu: Usilipe leo, dada, na huyo anayekuandikia usimjibu tena kwa sasa. Huenda kweli wamefungua akaunti Hong Kong, maana viwanda vingi vya China huuza nje kupitia kampuni dada iliyosajiliwa huko. Hong Kong peke yake si ushahidi wa wizi. Ila hadi sasa hujathibitisha chochote: anwani, mhuri na jibu lao vyote vimepita njia moja, na njia hiyo ndiyo yenye mashaka.

"Lakini anwani ni ileile." Kila ninapokutana na aliyeibiwa nasikia hayo, na kinachoniudhi ni kwamba wapo wanaotoza watu pesa za semina wakiwafundisha kuwa dawa ni kukagua herufi za anwani na makosa ya Kiingereza. Ni kweli yupo tapeli anayesajili anwani ya kufanana, akaweka r na n pamoja ili zionekane kama m. Huyo ni wa rejareja. Anayewanasa wazoefu ni yule aliyeingia ndani ya barua pepe yenyewe. Mtu wa mauzo kule kiwandani, au mmoja wenu hapo dukani, alibonyeza kiungo akaandika nenosiri kwenye ukurasa bandia. Mwizi akaingia, akatulia, akawa anasoma tu. Anajua mmelipa 13,800, anajua zimebaki 32,200, na anajua kontena linapakiwa lini. Siku ya salio ikikaribia, anaweka kanuni kwenye hiyo barua pepe ili kila ujumbe wako uhamie kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. Unapouliza kama kweli wamebadilisha akaunti, muuzaji halisi halioni swali lako. Anayelijibu ni mwizi mwenyewe, kwa anwani halisi, chini ya mazungumzo yenu yaleyale, kwa adabu zote.

Mhuri nao ni wa kweli, kwa sababu ankara halisi aliikuta humo. Akabadilisha mistari ya benki, basi. Bei, namba ya oda na sahihi hakuvigusa.

Sasa chukua ankara ya malipo ya kwanza uiweke kando ya hii mpya, usome sehemu ya benki peke yake. Angalia herufi ya tano na ya sita ya msimbo wa SWIFT unaotambulisha benki, ndizo zinazotaja nchi. BKCHCNBJ ni Bank of China ya China Bara. BKCHHKHH ni ya Hong Kong. Ukikuta nchi ambayo barua haikuitaja, simama hapo. Vivyo hivyo ukipewa IBAN, namba ya akaunti ya kimataifa inayotumiwa na baadhi ya nchi: China haiitumii, kwa hiyo pesa yako inapelekwa kwingine. Tazama pia mwenye akaunti ni nani, kama ni mtu binafsi au kampuni usiyoijua. Kisha pima sababu waliyotoa. "Ukaguzi wa kodi" ni kisingizio kikongwe mno kwenye utapeli huu, na kwa kawaida hufuatana na haraka, pamoja na maneno kwamba bosi wao yuko safarini hapatikani kwa simu.

Usije ukaridhika kwa kuwa jina la akaunti ni lilelile la kiwanda. Kati ya 2013 na 2015, Evaldas Rimasauskas wa Lithuania alisajili kampuni Latvia kwa jina la Quanta Computer, mtengenezaji wa Taiwan anayewauzia vifaa Google na Facebook. Kwa ankara za uongo alivuna zaidi ya dola milioni 100 kutoka kampuni hizo mbili. Jina kwenye akaunti lilikuwa sawa kabisa. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitano Marekani mwaka 2019.

Kinachobaki ni simu, na hapa ndipo watu huharibu. Usipige namba iliyo chini ya barua pepe mpya wala kwenye ankara mpya, kwa sababu nayo inaweza kuwa imebadilishwa. Tafuta namba kwenye mkataba wa mwanzo, kadi mliyopewa ana kwa ana, au WeChat mliyounganishwa nayo kabla ya habari hii kuanza. Piga kwa sauti au video, uongee na mtu unayemjua. Usimsomee namba ya akaunti ukasubiri aseme "ndiyo, ndiyo". Mwache yeye akusomee tarakimu zote, wewe ufuatilie kwenye karatasi. Baada ya hapo omba kuongea na mtu wa fedha au mwenye kiwanda, kwa sababu si mara zote mwizi yuko nje. Wapo wauzaji walioajiriwa wanaowapa wateja akaunti zao binafsi. Wakikwambia hawajabadilisha kitu, waambie barua pepe yao au yenu imeingiliwa.

Wengine watakushauri utume dola 100 za majaribio kwanza. Ukizituma kisha ukauliza kwa barua pepe kama zimefika, mwizi atajibu zimefika, na atakuwa hajadanganya. Jaribio lina maana tu kama anayethibitisha kupokea ni yule uliyempigia mwenyewe.

Upande wenu, kagua barua pepe ya ofisi leo hii. Kwenye Gmail fungua `Filters and Blocked Addresses` na `Forwarding and POP/IMAP`. Kwenye Outlook fungua `Rules`. Ukikuta kanuni ambayo hakuna aliyeiweka, ipige picha kwanza, kisha ifute, badilisha nenosiri, toa vifaa vyote vilivyoingia na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Kubadilisha nenosiri ukaiacha kanuni si kazi iliyokwisha, maana barua zitaendelea kumfikia mwizi.

Nanyi mabosi mnaosoma hapa, mkimsukuma mhasibu alipe "sasa hivi" mnamfanyia mwizi kazi. Kontena kuchelewa meli moja ni gharama inayohesabika. Wekeni kwa maandishi kwamba akaunti ya muuzaji ikibadilika, hakuna malipo mpaka simu ipigwe na mtu wa pili asaini, hata kama agizo la kulipa limetoka kwenye WhatsApp ya mkurugenzi mwenyewe.

Kwa aliyekwisha kulipa, saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Nenda benki na nakala ya uthibitisho wa malipo ya SWIFT, dai watume ombi la kurudisha muamala na waiarifu benki iliyopokea kuwa ni utapeli, halafu polisi siku hiyohiyo. Julai 2024 kampuni moja ya Singapore ilituma dola milioni 42.3 kwenye akaunti ya Timor-Leste baada ya kuandikiwa kuwa akaunti ya muuzaji imebadilika, ikagundua siku nne baadaye. Polisi walipitia mfumo wa INTERPOL wa kuzuia malipo, uitwao I-GRIP, na zaidi ya dola milioni 40 zikapatikana kwa kuwa nyingi zilikuwa bado hazijahamishwa. Wale wanaojitangaza mtandaoni kuwa ni wadukuzi wa kurudisha pesa zilizoibwa, wakitaka "ada ya kufuatilia" kwanza, hawana mlango wa kuingilia benki yoyote ya Hong Kong. Ukiwalipa umeibiwa mara ya pili.