Dalali hayupo, bei inatoka wapi? Maswali yenu kuhusu mabwawa ya ukwasi

Maswali mengi ya safari hii yanazunguka jambo moja, kwa hiyo nimeamua kuyajibu kwa kutumia bwawa moja dogo la kufikirika, yaani rundo la sarafu mbili za kidijitali ambazo watu wameziweka pamoja ili wengine wabadilishane nalo. Lina ETH 10, sarafu ya mtandao wa Ethereum, na USDC 20,000, tokeni inayolenga kuwa na thamani ya dola moja, na linafuata kanuni za Uniswap, soko la kubadilishana tokeni bila dalali, katika toleo lake la pili lililotoka Mei 2020. Tutalichokonoa bwawa hilohilo mara kwa mara.

Nikibadilisha ETH kupata USDC na hakuna kampuni katikati, nani hasa ananiuzia?

Hakuna mtu anayekuuzia. Unabadilishana na rundo. Watu kadhaa wametangulia kuweka ETH na USDC zao ndani ya mkataba mahiri, yaani programu inayokaa kwenye blokcheni, na mkataba huo una amri moja ya msingi: ukizidisha kiasi cha tokeni ya kwanza kwa kiasi cha tokeni ya pili, jibu lisipungue.

```
x * y = k
```

Kwenye bwawa letu ni 10 mara 20,000, sawa na 200,000. Ukitia ETH, mkataba unakutolea USDC kiasi ambacho jibu litabaki 200,000 au kuzidi kidogo. Basi. Haumsubiri mnunuzi, hauna daftari la oda za wanunuzi na wauzaji, wala hauulizi wewe ni nani. Baadhi ya masoko ya mwanzo ya aina hii yalijaribu kuweka daftari la oda kwenye blokcheni yenyewe, na kila oda iliyowekwa au kufutwa ilitaka ada ya gesi, yaani malipo ya mtandao kwa kila muamala. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Vitalik Buterin alitoa wazo la kutumia kanuni hii fupi, na Hayden Adams akalifanya kuwa Uniswap, iliyoanza kazi Novemba 2018.

Kwa hiyo dalali kaondoka, ila msidhani mmebaki wenyewe. Wenye hela za bwawa wapo, wanaopanga miamala ndani ya bloku, yaani fungu la miamala linalorekodiwa kwa pamoja, wapo, na yupo mtu wa tatu ambaye tutakutana naye hivi punde.

Skrini ilisema ETH moja ni dola 2,000. Nimeuza moja nikapata 1,813. Nani kala 187 zangu?

Swali hili nimelipenda kwa sababu kila dola ya hizo 187 inaweza kufuatiliwa hadi mfukoni ilikoingia.

Hizo 2,000 ni uwiano wa bwawa kabla hujaligusa: 20,000 gawanya kwa 10. Ni bei ya tone la kwanza. Kadiri unavyomimina ETH, bwawa linazidi kuwa na ETH nyingi na USDC chache, na kila kipande kinachofuata kinalipwa pungufu. Hesabu yenyewe, pamoja na ada ya 0.3%, ni hii:

```
20000 * 0.997 / (10 + 0.997) = 1813.2
```

Ile 0.997 ni ETH yako baada ya kukatwa ada. Ada ni kama dola 6, nayo imebaki bwawani kwa ajili ya waliochangia. Zilizosalia, kama 181, hazikukatwa na yeyote: wewe mwenyewe umeisukuma bei chini kwa kuuza kingi kwenye bwawa dogo. Ukimaliza, bwawa lina ETH 11 na USDC 18,187 hivi, na bei yake mpya ni kama dola 1,653.

Hapo ndipo anaingia yule mtu wa tatu, mchuuzi wa tofauti za bei. Yeye anakaa na boti zinazolinganisha bei za masoko mchana na usiku. Anaona kwako ETH ni 1,653 na kwingine ni 2,000, anatia kama dola 1,820 na kuondoka na karibu ETH nzima, kisha anaiuza kwingine kwa 2,000. Kabla ya gesi kaingiza kama 180. Hizo ndizo zako.

ETH hiyohiyo moja ungeiuza kwenye bwawa lenye ETH 1,000 na USDC 2,000,000 ungepata 1,992. Ada ingekuwa ileile dola 6, na msukumo wa bei dola 2 tu. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, achana na bei iliyoandikwa juu kwa herufi kubwa. Tazama kiasi utakachopokea, na ukubwa wa bwawa ukilinganisha na unachouza. Ukiuza 1% ya tokeni iliyomo, tegemea kupoteza karibu 1% kwa msukumo. Ukiuza 10%, karibu 9%.

Kama bwawa halina macho, mbona bei yake hufanana na ya masoko mengine?

Kwa sababu ya mchuuzi niliyemtaja hapo juu. Bwawa halijui kinachoendelea duniani. Bei ikipanda kwingine, lenyewe linaendelea kuuza kwa bei ya zamani mpaka mtu atokee kulinyonya, na kule kunyonya ndiko kunakorekebisha bei. Anaacha pale faida inapoishia kwenye ada na gesi, ndiyo maana bwawa la 0.3% mara nyingi hutofautiana na soko kwa kiasi hicho kidogo. Hakuna anayemlipa mshahara. Analipwa na wenye bwawa, na hilo linatuleta kwa muulizaji anayefuata, ambaye ana hasira.

Niliweka ETH 1 na USDC 2,000 kwenye bwawa. ETH imepanda hadi 8,000, nimetoa, na nina hela kidogo kuliko ningekaa nayo tu. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Umeuza ETH yako njiani, kidogokidogo, bila kujua.

Turudi bwawani. Mchango wako ni sehemu ya kumi ya bwawa lote. ETH inapokuwa 8,000 kwingine, wachuuzi wanaendelea kuingiza USDC na kuchukua ETH hadi uwiano wa bwawa ufike 8,000. Jibu la kuzidisha linabaki 200,000, kwa hiyo bwawa linaishia na ETH 5 na USDC 40,000. Unaweza kuhakiki: 5 mara 40,000 ni 200,000, na 40,000 gawanya kwa 5 ni 8,000. Sehemu yako ya kumi ni ETH 0.5 na USDC 4,000, jumla dola 8,000. Ungezifungia kabatini ungekuwa na ETH 1 na USDC 2,000, yaani dola 10,000. Umekosa 20%.

Bei ikirudi 2,000 pengo hilo linafutika, ndiyo maana wengi huliita hasara ya muda. Jina hilo silipendi. Ukitoa hela zako bei ikiwa huko juu, hasara ni ya kudumu kama nyingine yoyote. Na haijali mwelekeo: ETH ikishuka hadi 500, utajikuta na ETH 2 na USDC 1,000, jumla 2,000, wakati kabatini ungekuwa na 2,500. Ni 20% ileile.

Kinachopingana nayo ni ada. Katika mfano huu ungehitaji ada ya dola 2,000 kwa sehemu yako ili utoke sawa na aliyekaa kimya. Ada inategemea watu wanabadilisha kiasi gani, siyo bei imeenda wapi. Kwa hiyo bwawa linalolipa ni lile lenye mizunguko mingi na bei isiyohama mbali. Toleo la tatu, la Mei 2021, linakuruhusu kuweka hela zako kati ya bei mbili tu unazochagua, tuseme 1,800 na 2,200. Ada inakuwa nene kwa sababu hela yako yote inafanya kazi kwenye kipande hicho, lakini pengo nalo linakuja haraka zaidi. Bei ikivuka 2,200, ETH yako yote imekwisha kuuzwa, umebaki na USDC, na ada inasimama.

Wanaokimbilia mabwawa ya tokeni za dola kwa dola wakumbuke Machi 2023, USDC iliposhuka chini ya senti 90 kwa muda. Kwenye bwawa kubwa la Curve, soko jingine la mabwawa, lenye USDC na tokeni nyingine mbili za dola, DAI na USDT, watu walikomba USDT na kuwaachia wachangiaji zile mbili zilizoyumba. Bwawa likifanya kazi yake sawasawa, siku zote hukuachia kile ambacho wengine hawakitaki.

Muamala ulikuwa unakwama, rafiki akaniambia nipandishe mtelezo hadi 5%. Umepita, ila nimepokea pungufu sana. Tatizo nini?

Tatizo ni hiyo 5%. Mtelezo ndio unaoweka kiwango cha chini unachokubali kupokea, ambacho kwenye muamala huandikwa kama `amountOutMin`. Muamala wako ukisubiri kuingia kwenye bloku, huonekana na kila mtu, pamoja na kiwango hicho. Ni kama kwenda kununua kitu huku umebandika kwenye kipaji cha uso bei ya juu kabisa utakayolipa.

Tuseme unauza ETH 10 kwenye lile bwawa kubwa la ETH 1,000. Haki yako ni kama USDC 19,743. Kwa mtelezo wa 5% umesema utaridhika na 18,756. Boti inatanguliza mauzo yake ya takriban ETH 26, bei inashuka, wewe unapokea 18,760 hivi, kisha boti inanunua ETH zake kwa bei uliyoishusha zaidi wewe. Umepigwa karibu dola 1,000 na kila kanuni imefuatwa. Fungua bloku yako kwenye kichunguzi cha miamala: ukiona anwani moja imefanya muamala mara tu kabla yako na mwingine mara tu baada yako, kwenye bwawa hilohilo na kwa mwelekeo kinyume, umebanwa katikati.

Kwa jozi kubwa mimi huweka 0.5%, na nikiuza kingi natuma muamala kwa njia ya faragha kama Flashbots Protect, usionekane ukiwa kwenye foleni. Muamala wa kawaida ukigoma kwa ujumbe `INSUFFICIENT_OUTPUT_AMOUNT`, kinga yako imefanya kazi. Gesi umeipoteza, inauma, lakini ni afadhali hiyo.

Nimenunua tokeni mpya, kununua ilikubali, kuuza inakataa kila mara hata nikiweka mtelezo mkubwa.

Pole. Huo mara nyingi ni mtego: bwawa ni la kweli, ila mkataba wa tokeni yenyewe umeandikwa uzuie uhamisho kutoka kwa yeyote isipokuwa mwenyewe aliyeutengeneza. Yeyote anaweza kufungua bwawa la tokeni yoyote na kuipa jina lolote, hata la tokeni maarufu. Usiendelee kujaribu, kila jaribio linakula gesi. Kama uliipa tovuti ya waliotengeneza tokeni hiyo ruhusa ya kugusa tokeni zako nyingine, ifute leo. Na safari nyingine, kabla ya kununua, fungua orodha ya miamala ya bwawa utafute mauzo kutoka anwani nyingi tofauti. Ukikuta wanunuzi mia na muuzaji mmoja, funga ukurasa.