Nilipiga hesabu ya vipande vyangu, nikakosa 12,716 ya kodi

Mwenye fremu yangu ya cherehani hapa Tabata hapokei kodi nusunusu. Ni laki moja na arobaini kwa mwezi, miezi 6 kwa mpigo, yaani 840,000 mkononi. Kwa hiyo tangu Januari nikawa nanunua vipande kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja kila mwanzo wa mwezi, laki moja moja, nikijua Julai nitauza vyote nilipe. Juni nikapokea mchezo kwa kijumbe wetu, nikaongeza, mwezi huo nikaweka laki tatu. Jumla laki nane.

Julai nikafungua simu kuangalia bei. Kipande kilikuwa shilingi 530. Januari nilianza kununua kwa 500. Nikajiambia: kimepanda 30 kwenye 500, hiyo ni asilimia 6, na asilimia 6 ya laki nane ni 48,000. Nina 848,000, kodi imetimia na chenji ya vifungo inabaki. Nikamwambia mwenye fremu aje Ijumaa.

Fedha ilipoingia ilikuwa 827,284. Nilipungukiwa 12,716, na mzee wa watu tayari ameketi kwenye benchi la wateja.

Nilidhani nimeibiwa. Nikakaa na daftari na taarifa ya akaunti hadi usiku, na ikaonekana mwizi ni hesabu yangu mwenyewe. Tangu hapo nimewasaidia mashoga zangu watatu waliokwama palepale, ndiyo maana naandika.

Manunuzi yangu yalikuwa hivi, kama yalivyo kwenye taarifa:

| Mwezi | Fedha | Bei | Vipande |
|---|---|---|---|
| Januari | 100,000 | 500 | 200.00 |
| Februari | 100,000 | 512 | 195.31 |
| Machi | 100,000 | 496 | 201.61 |
| Aprili | 100,000 | 480 | 208.33 |
| Mei | 100,000 | 500 | 200.00 |
| Juni | 300,000 | 525 | 571.43 |

Angalia safu ya mwisho. Mfuko haukuuzii "laki moja". Unakuuzia vipande, na idadi yake ni fedha yako kugawa kwa bei ya siku hiyo. Aprili bei ilishuka na mimi nikanung'unika, kumbe kati ya miezi niliyoweka laki moja, huo ndio ulionipa vipande vingi kuliko yote. Juni bei ilikuwa juu kuliko miezi yote, na ndiyo Juni niliyomwaga laki tatu.

Ile asilimia 6 ilikuwa ya vipande 200 vya Januari tu. Vya Juni nilivinunua kwa 525, kwa hiyo kufikia 530 vilikuwa vimepanda shilingi 5 kila kimoja. Na vya Juni vilikuwa zaidi ya theluthi ya vyote.

Mama Salma, jirani yangu wa fremu ya pili, aliposikia akasema, "Sasa si uchukue bei zote sita ujumlishe ugawe kwa sita?" Nilikuwa nimeshajaribu. Inatoka 502.17, nayo si kweli, kwa sababu inaihesabu Juni sawa na Februari wakati Juni niliweka mara tatu. Wastani wa bei ya kununulia hauutafuti kwenye bei hata kidogo. Unachukua fedha zote ulizotoa, unagawa kwa vipande vyote ulivyopata:

800,000 ÷ 1,576.68 = 507.40

Hiyo 507.40 ndiyo bei niliyolipa kwa kila kipande nilichonacho. Imevutwa juu na laki tatu za Juni. Kama Juni ningeweka laki moja kama miezi mingine, ningekuwa na vipande 1,195.73 kwa laki sita, na wastani ungekuwa 501.79. Huo uko chini kidogo ya ule wa Mama Salma, na ndivyo inavyokuwa kila mara ukiweka kiasi kilekile huku bei zikibadilika, kwa kuwa laki yako hubeba vipande vingi bei ikiwa chini na vichache ikiwa juu. Ila ni tofauti ya senti, si ya kukufanya utajirike, na inapotea siku unapoongeza fedha nyingi mwezi wa bei kubwa.

Ukiwa na kompyuta, au programu ya majedwali kwenye simu, weka fedha safu ya B na vipande safu ya D, kisha:

```
=SUM(B2:B7)/SUM(D2:D7)
```

Usiweke AVERAGE kwenye safu ya bei. Na kuna namna ya kujikagua bila kalamu: wastani wako lazima uwe kati ya bei ya chini kabisa na ya juu kabisa uliyonunulia. Yangu ni kati ya 480 na 525. Ukipata 470 au 540, kuna mwezi umeruka au umeandika fedha mara mbili.

Jambo moja kuhusu hiyo safu ya vipande. Inakili kutoka kwenye taarifa ya akaunti, usiigawe mwenyewe kwa bei uliyoiona siku uliyotuma. Mimi Machi nilituma Ijumaa usiku nikitoka kwenye kitchen pati ya mteja, na bei niliyopewa ilikuwa ya Jumatatu. Daftari langu lilisema vipande vingine, mfuko ulisema vingine, na mfuko ndio wenye ukweli.

Haya, tuje kwenye faida. Hata nilipokuwa na wastani sahihi, bado hesabu ilikataa. Nilizidisha vipande 1,576.68 kwa 530 nikapata 835,640, si 827,284. Hapo ndipo nilipogundua kuwa kwenye ukurasa wa bei kuna namba zaidi ya moja kwenye mstari wa kila mfuko, na mimi miezi yote sita nilikuwa nasoma ile ya kununulia tu. Mfuko niliokuwemo hukata asilimia 1 unapotoka. Kwa hiyo siku ambayo wewe unauziwa kipande kwa 530, mfuko unakinunua kwako kwa 524.70. Si mifuko yote inakata, na inayokata haikati sawa, kwa hiyo soma fomu ya mfuko wako. Lakini faida ya sasa hupigwa kwa bei ambayo wao wanakulipa:

1,576.68 × 524.70 = 827,284

Toa laki nane, faida ni 27,284, sawa na asilimia 3.41 ya fedha niliyoweka. Ndiyo ileile iliyoingia kwenye simu, hadi shilingi ya mwisho. Nilicheka peke yangu saa 5 usiku.

Kutokana na hilo kuna namba moja ambayo sasa naiandika kwa wino mwekundu juu ya ukurasa: bei inayonirudishia fedha yangu. Ni wastani kugawa kwa 0.99, kwangu 512.53. Bei ya tangazo ikiwa 510, mtu mwenye wastani wa 507.40 anaona amefaidika shilingi mbili na nusu kwa kipande. Akiuza analipwa 504.90, amepoteza. Kati ya 507.40 na 512.53 kuna eneo ambalo simu inakuchekea lakini mfuko haukuchekei.

Kisha kuna makato ya kutuma kwa simu. Mfuko hauyajui, unahesabu kilichofika. Yangu ya miezi 6 yalifika 8,400. Nikiyaweka kwenye gharama, nilitoa 808,400, wastani unapanda hadi 512.72, na faida inabaki 18,884. Wengine huyaacha, kwamba ni gharama ya kuishi mjini. Mimi nayaweka, kwa sababu yalitoka kwenye mkoba uleule. Ukiyaweka mwezi mmoja yaweke miezi yote, la sivyo wastani wako utakuwa haueleweki.

Asilimia 3.41 kwa miezi 6 inasikika ndogo, na Mama Salma alikuwa wa kwanza kunisimanga. Ila laki nane hazikukaa miezi 6. Laki ya Januari ndiyo iliyokaa sita; ya Mei ilikaa miwili; laki tatu za Juni zilikaa mwezi mmoja tu. Nilizidisha kila fedha kwa miezi yake, nikajumlisha, nikagawa kwa laki nane: kwa wastani kila shilingi ilikaa chini kidogo ya miezi mitatu. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha na riba ya akaunti ya muda maalumu, linganisha na ya miezi mitatu. Usiende mbali zaidi ya hapo ukazidisha kwa nne kupata "faida ya mwaka"; bei iliyoshuka Aprili inaweza kushuka tena Septemba.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la kutoa kidogo. Tuseme nisingeuza vyote, ningetoa laki mbili. Kwa bei ya 524.70 hivyo ni vipande 381.17, nikabakiwa na 1,195.51. Wifi yangu aliandika hivi: laki nane toa laki mbili, gharama iliyobaki ni laki sita. Hapo ameshauharibu wastani, unatoka 501.88, kana kwamba vipande vilivyobaki vimekuwa rahisi kwa sababu tu vingine vimeuzwa. Ndani ya zile laki mbili kuna faida. Gharama inayotoka ni vipande 381.17 mara 507.40, kama 193,400. Zile 6,600 zinazobaki ni faida uliyokwisha kuitia mkononi. Gharama ya vilivyobaki ni kama 606,600, na wastani ni 507.40 uleule. Kuuza hakugusi wastani. Kununua ndiko kunakousogeza.

Hizo 12,716 nilikopa kwa Mama Salma palepale mbele ya mzee. Alinipa elfu kumi na tatu, akakataa kupokea chenji, akasema nimlipe kwa kumkunjia pindo za madera mawili. Na kodi ya Januari siiweki tena kwenye mfuko wa namna ile. Fedha yenye tarehe naiweka kwenye mfuko wa ukwasi usiokata kitu wakati wa kutoka. Kwenye huu wa bei za kupanda na kushuka nimebakiza ya mwanangu, ambayo haina mwenye fremu wa kuisubiri kwenye benchi.